Kunasa mzizi wa polinomia kwa kukata nusu, na kujua mapema utakata mara ngapi

Kukata nusu ni njia ya kutafuta mzizi wa polinomia: unachukua kipande cha mstari wa namba chenye mzizi, unakikata katikati, unabaki na nusu yenye mzizi, kisha unarudia. Wanafunzi wa tuisheni hapa Lamu hawashindwi na kukata nusu kwenyewe. Kujumlisha namba mbili na kugawanya kwa 2 hakumtatizi yeyote. Wanakwama kabla ya kuanza, na tena baada ya kumaliza. Mwanzoni wanachagua kipande kibaya cha mstari wa namba, na mwishoni wanaandika tarakimu ambazo hesabu yao haijazithibitisha. Sehemu hizo mbili ndizo nitakazozichukulia muda, na swali litakuwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho.

## Swali letu

Mvuvi ana boya la plastiki lenye umbo la tufe, kipenyo sentimita 20, la kuonyesha mahali alipotega dema. Anataka kulipaka rangi mbili: moja kwa sehemu itakayozama na nyingine kwa sehemu itakayobaki juu. Mstari wa maji utakuwa sentimita ngapi kutoka chini ya boya?

Ujazo wa boya ni karibu lita 4.19. Maji ya bahari yana uzito wa karibu kilo 1.025 kwa lita, kwa hiyo boya hilo likizama lote linasukuma kando maji ya karibu kilo 4.29. Boya lenyewe lina uzito wa kilo 1.29. Kitu kinachoelea husukuma kando maji yenye uzito sawa na wake, basi sehemu iliyozama ni 0.3 ya boya zima. (Tunachukulia kwamba kamba ya dema imelegea na hailivuti boya chini.)

Tupime kwa desimita ili nusu kipenyo iwe 1, na kina cha sehemu iliyozama tukiite x. Ujazo wa sehemu iliyozama ni πx²(3 − x)/3, na wa tufe zima ni 4π/3. Ukigawanya wa kwanza kwa wa pili na kuweka 0.3, π inajifuta na unabaki na:

x³ − 3x² + 1.2 = 0

Polinomia yetu ni f(x) = x³ − 3x² + 1.2. Mzizi wake, yaani thamani ya x inayoifanya iwe sifuri, ndio kina tunachokitafuta.

## Vinavyohitajika

Kikokotoo cha kawaida kinatosha, ila kiwe kinaonyesha angalau tarakimu nane. Andaa karatasi yenye jedwali la safu tano: ncha ya kushoto, ncha ya kulia, katikati, thamani ya f katikati, na ishara yake. Ukiwa na kikokotoo chenye kitufe cha logi ni vizuri, lakini orodha ya vipeo vya 2 hadi 2,097,152 inafanya kazi ileile.

Kabla ya yote, iandike polinomia kwa namna inayopunguza mibonyezo. Badala ya x³ − 3x² + 1.2, andika x²(x − 3) + 1.2. Ni kitu kilekile, lakini unapandisha kipeo mara moja tu, na nafasi ya kukosea ishara inapungua sana.

## Hatua ya 1: Tafuta kipande chenye mzizi mmoja

Sheria ni hii: polinomia haina mapengo wala miruko, kwa hiyo ikiwa ni chanya kwenye ncha moja na hasi kwenye ncha nyingine, lazima ipite sifuri mahali fulani katikati. Sheria hiyo inakuhakikishia kuwa mzizi upo. Haikuambii kama ni mmoja au ni mitatu.

Tazama thamani hizi:

| x | f(x) |
|---|---|
| −1 | −2.8 |
| 0 | 1.2 |
| 1 | −0.8 |
| 2 | −2.8 |
| 3 | 1.2 |

Ishara inabadilika mara tatu, nayo polinomia ya kipeo cha tatu haiwezi kuwa na mizizi zaidi ya mitatu. Basi yote tumeshaiona: mmoja kati ya −1 na 0, mmoja kati ya 0 na 1, na mmoja kati ya 2 na 3.

Hapa ndipo swali lenyewe linapoamua. Kina hakiwezi kuwa hasi, wala boya la kipenyo cha desimita 2 haliwezi kuzama zaidi ya desimita 2. Mizizi miwili ni halali kwa polinomia lakini si majibu ya mvuvi. Kipande chetu ni kutoka 0 hadi 1.

Onyo la kwanza. Ukianza na kipande cha 0 hadi 3, f ni 1.2 kwenye ncha zote mbili. Wengi wakiona ishara zinafanana wanaandika "hakuna mzizi" na kufunga daftari, ilhali mna miwili ndani. Ishara zinazofanana zinamaanisha tu kwamba mpaka hapo hujui.

Onyo la pili. Ukianza na −1 hadi 3, ishara zinatofautiana na kila kitu kinaonekana sawa. Lakini katikati ni 1, ambako f ni −0.8, ishara ileile ya ncha ya kushoto. Njia itakupeleka kwenye kipande cha 1 hadi 3, na mwishowe utanasa mzizi ulio kati ya 2 na 3. Hesabu yote itakuwa safi, na jibu litasema boya limezama zaidi ya urefu wake. Kipande kipana hakikupi uhuru wa kuchagua mzizi. Mahali inapoangukia katikati ndipo panapochagua.

Utajua umefaulu ukiwa na ncha mbili zenye ishara tofauti, na ukiweza kueleza kwa nini jibu la swali lazima liwe ndani yake.

## Hatua ya 2: Hesabu idadi ya mikato kabla ya kukata

Kila mkato unaacha nusu ya upana uliokuwepo. Baada ya mikato n, upana uliobaki ni

(b − a) / 2ⁿ

ambapo a na b ni ncha za kipande cha kwanza. Mzizi umo ndani ya kipande hicho cha mwisho. Ukitoa katikati yake kama jibu, mzizi hauwezi kuwa mbali nayo zaidi ya nusu ya upana. Basi kosa la jibu lako halizidi

(b − a) / 2ⁿ⁺¹

Ile +1 ndiyo inayowapotosha watu. Mikato uliyoifanya ni n. Kutaja katikati ya kipande cha mwisho si mkato, kwa sababu hujapima f pale wala hujatupa upande wowote, lakini kunakupa nusu moja zaidi ya usahihi bila kazi. Ukiamua kutaja ncha badala ya katikati, ondoa hiyo +1.

Sasa tuseme mvuvi anataka kosa lisizidi nusu milimita. Nusu milimita ni desimita 0.005. Upana wa kuanzia ni 1, kwa hiyo tunataka

1 / 2ⁿ⁺¹ ≤ 0.005, yaani 2ⁿ⁺¹ ≥ 200

Kipeo cha 2 cha kwanza kinachofika 200 ni 2⁸ = 256. Basi n + 1 = 8, na n = 7. Kwa logi: log 200 ni 2.301, log 2 ni 0.301, na ukigawanya unapata 7.64. Hapa unapandisha juu daima, hata kama ingekuwa 7.02, kwa sababu n + 1 ni namba kamili na 2⁷ ni 128 tu, haifiki 200.

Kuna kipimo cha haraka kinachofaa kukumbukwa. 2¹⁰ ni 1024, karibu sana na 1000, kwa hiyo mikato 10 inakununulia karibu nafasi tatu za desimali. Mtu akitaka kosa lisizidi 0.0000005 kwa kipande hikihiki, anahitaji 2ⁿ⁺¹ ≥ 2,000,000. 2²¹ ni 2,097,152, hivyo mikato ni 20.

Angalia pia kisichohesabika hapa. Kipeo cha polinomia hakimo kwenye kanuni. Polinomia ya kipeo cha saba itahitaji mikato ileile 7 kwa kipande cha upana uleule. Na ukianza na kipande chenye upana mara mbili, umejiongezea mkato mmoja tu. Kwa hiyo usitumie nusu saa kukibana kipande cha kwanza. Hakikisha tu kina mzizi unaoutaka peke yake.

## Hatua ya 3: Kata, pima, tupa

Kwa kila mkato fanya mambo matatu kwa mpangilio huu. Tafuta katikati, m = (a + b)/2. Pima f(m). Kisha linganisha ishara ya f(m) na ya ncha ya kushoto: zikifanana, m inakuwa ncha mpya ya kushoto, zikitofautiana, m inakuwa ncha mpya ya kulia.

Kwa boya letu ncha ya kushoto ni chanya tangu mwanzo, na itabaki chanya daima. Ya kulia itabaki hasi. Andika + na − juu ya safu hizo mbili za jedwali kabla ya kuanza, uwe na kitu cha kukukumbusha.

| Mkato | Kushoto (+) | Kulia (−) | Katikati | f ya katikati |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 0 | 1 | 0.5 | 0.575 |
| 2 | 0.5 | 1 | 0.75 | −0.0656 |
| 3 | 0.5 | 0.75 | 0.625 | 0.2723 |
| 4 | 0.625 | 0.75 | 0.6875 | 0.1070 |
| 5 | 0.6875 | 0.75 | 0.71875 | 0.0215 |
| 6 | 0.71875 | 0.75 | 0.734375 | −0.0219 |
| 7 | 0.71875 | 0.734375 | 0.7265625 | −0.00013 |

Baada ya mkato wa 7 kipande ni 0.71875 hadi 0.7265625. Upana wake ni 0.0078125, ambao ni 1/128 kamili. Usipoupata upana huo, kuna katikati uliyoikosea huko juu. Ukaguzi huu ni wa sekunde chache, na mimi hufanya kila baada ya mikato mitatu minne.

Onyo kuhusu kukata tarakimu. Tazama mkato wa 7. Thamani −0.00013 ni ndogo mno, na hapo ishara inageuka kwa urahisi. Mwanafunzi anayeona uvivu kubonyeza 0.7265625 anabonyeza 0.726 na kupata karibu 0.0014, chanya. Kwa 0.726 hilo ni kweli. Balaa inakuja akiandika kwenye jedwali kwamba 0.7265625 ni chanya, kwa sababu sasa kipande chake ni 0.7265625 hadi 0.734375, na mzizi umebaki nje.

Kuanzia hapo njia haimwonyi. Upana unaendelea kupungua vizuri, na kila f(m) inatoka hasi, kwa hiyo ncha ya kulia inasogea kila mara na ya kushoto haitikisiki. Ukiona ncha moja imeganda kwa mikato minne au mitano mfululizo, irudie f yake kwa tarakimu zote. Wakati mwingine ni halali, mzizi upo karibu na ncha hiyo kweli. Lakini ikiwa ishara si ile uliyoiandika juu ya safu, rudi hadi mkato ambao ncha hiyo iliingia.

Ukitaka namba fupi, zitumie kwa uaminifu: pima f(0.726) na uandike 0.726 kama ncha. Si lazima ukate katikati hasa. Ila upande utakaobaki huenda ukawa mpana kidogo kuliko nusu, kwa hiyo ile hesabu ya Hatua ya 2 haitakuwa kamili tena.

## Hatua ya 4: Toa jibu, na ujue limethibitisha nini

Katikati ya kipande cha mwisho ni 0.72265625. Kosa lake halizidi 1/256, yaani karibu 0.0039, chini ya 0.005 tuliyoahidi. Kwa mvuvi kazi imekwisha: mstari wa maji uko karibu sentimita 7.23 kutoka chini, na hakuna brashi ya rangi itakayoona tofauti ya nusu milimita.

Lakini swali la mtihani mara nyingi halisemi "kosa lisizidi 0.005". Linasema "sahihi hadi nafasi mbili za desimali". Hayo ni mambo mawili, na kuyachanganya ndiko kunakopoteza alama za mwisho.

Mzizi wenyewe ni karibu 0.7265. Ukiukadiria hadi nafasi mbili, ni 0.73. Katikati yetu ya 0.7227 inakadiriwa kuwa 0.72. Kosa letu lilikuwa ndani ya ahadi, na bado tarakimu ya pili si sahihi! Hakuna kilichoharibika kwenye hesabu. Mpaka wa kukadiria, 0.725, umeangukia kati ya jibu letu na mzizi.

Kipimo sahihi ni hiki: kadiria ncha zote mbili hadi nafasi unazotaka. Zikitoa namba moja, tarakimu hizo zimethibitishwa. Zikitofautiana, endelea. Baada ya mkato wa 7 ncha zinatoa 0.72 na 0.73. Bado.

| Mkato | Kushoto (+) | Kulia (−) | Katikati | f ya katikati |
|---|---|---|---|---|
| 8 | 0.71875 | 0.7265625 | 0.72265625 | 0.0107 |
| 9 | 0.72265625 | 0.7265625 | 0.724609375 | 0.0053 |
| 10 | 0.724609375 | 0.7265625 | 0.7255859375 | 0.0026 |

Baada ya mkato wa 10 kipande ni 0.7255859375 hadi 0.7265625, na ncha zote mbili zinakadiriwa kuwa 0.73. Sasa unaweza kuandika x = 0.73 bila shaka yoyote. Kanuni ilisema 7, nasi tumekata 10. Kanuni haikudanganya. Inahesabu ukubwa wa kosa, haijui mpaka wa kukadiria uko wapi.

Kuna njia ya mkato ambayo naipenda kuliko kuendelea kukata. Baada ya mkato wa 7, ulipoona ncha zinapingana kati ya 0.72 na 0.73, pima f kwenye mpaka wenyewe:

f(0.725) = 0.525625 × (−2.275) + 1.2 = 0.0042

Ni chanya, kwa hiyo mzizi uko kulia kwa 0.725. Tayari tunajua uko kushoto kwa 0.7265625. Chochote kilicho kati ya hizo mbili kinakadiriwa kuwa 0.73. Kipimo kimoja kimefanya kazi ya mikato mitatu, na mtahini akikiona kwenye karatasi hana cha kuuliza.

## Ukikaribia kisha ukarudi mbali

Wapo wanaoangalia safu ya katikati na kuingiwa na wasiwasi. Mkato wa 7 ulitoa 0.7265625, ambayo iko mbali na mzizi kwa takriban 0.00005 tu. Mkato wa 8 ulitoa 0.72265625, ambayo iko mbali kwa karibu 0.0039. Mbona tumerudi nyuma?

Njia hii inatazama ishara peke yake. Haijali kama f ni −0.00013 au −0.8, kwa hiyo haikujua kwamba mkato wa 7 ulikuwa umeugusa mzizi. Kinachopungua kila mara ni upana wa kipande, na ahadi yote imejengwa juu ya upana huo. Usisimame kwa sababu f(m) imeonekana ndogo. Na kikokotoo kilichowekwa kuonyesha desimali tatu kitakuonyesha 0.000 kwenye mkato wa 7, uamini umefika kwenye mzizi kamili. Simama kwa sababu ya upana, au kwa sababu ncha mbili zimekubaliana.

## Mzizi usionaswa

Njia inahitaji grafu ivuke mstari wa sifuri. Ikiugusa na kurudi ilikotoka, ishara haibadiliki na hakuna cha kunasa.

Boya letu linatupa mfano. Tuseme limejaa maji hadi uzito wake kwa ujazo umekuwa sawa na wa maji ya bahari. Ile 0.3 inakuwa 1, na polinomia inakuwa x³ − 3x² + 4. Boya limezama lote, kwa hiyo jibu lazima liwe x = 2, na kweli f(2) = 8 − 12 + 4 = 0. Lakini f(1) ni 2 na f(3) ni 4, zote chanya. Ukate utakavyokata kati ya 1 na 3, hutapata kipande chenye ishara mbili, kwa sababu polinomia hiyo ni (x − 2)²(x + 1), na mraba haugeuki kuwa hasi.

Ukishuku hali hiyo, tafuta pale grafu inapogeuka. Mteremko wa polinomia hii ni 3x² − 6x, na unakuwa sifuri kwenye x = 0 na x = 2. Pima f kwenye sehemu hizo mbili: f(0) ni 4, f(2) ni 0. Mzizi wa kugusa umeupata bila kukata hata mara moja. Kama mteremko wenyewe ni polinomia ngumu, kata nusu kwenye mteremko kuutafuta mzizi wake, maana pale f inapogusa na kurudi, mteremko huvuka kutoka ishara moja kwenda nyingine. Kisha pima f kwenye mzizi huo. Kumbuka tu kwamba umeupata kwa kukadiria, kwa hiyo f haitatoka sifuri kamili, na ukipata 0.000002 hutaweza kujua kwa kikokotoo peke yake kama grafu imegusa au imepita juu kidogo. Hapo jaribu kuigawanya polinomia kwa mabano yenye mzizi unaoushuku, kama (x − 2) hapa: isipobakiza kitu, na matokeo yake yakigawanyika tena kwa (x − 2), imegusa.